Shajara ya mradi: kumsaka mpangaji B kwenye skrini ya mpangaji A

Siku ya 1

Mteja mmoja amefungua ripoti yake ya mwezi akakuta jina la kampuni nyingine juu ya ukurasa. Alipofungua upya, jina lake likarudi. Hakupiga picha ya skrini. Dada wa huduma kwa wateja alimuuliza kama na hesabu zilikuwa za watu wengine, akajibu: "Hapana, hesabu ni zangu, jina ndilo si langu." Nimeiandika sentensi hiyo kwenye karatasi nikaibandika ukutani, maana kwa sasa ndiyo ushahidi pekee tulio nao.

Mfumo wetu ni wa ankara. Wateja wote wanakaa kwenye hifadhidata moja ya PostgreSQL, majedwali yaleyale, na kila mstari una safuwima ya `mpangaji_id` inayosema ni wa nani. Ndani ya timu tunawaita wapangaji: jengo moja, kila mtu na mlango wake.

Leo nimepitia majaribio tuliyo nayo ya kutenganisha wapangaji. Yako 41, yote ya kijani, na yote yanauliza swali moja: mpangaji A akiomba ankara ya B kwa namba yake ya ndani, je, anapata 404? Anapata, na ni sawasawa na anayoipata akiomba namba isiyokuwepo kabisa, kwa hiyo hata kuwepo kwa ankara hiyo hakufichuki. Hiyo ni kazi nzuri, lakini ni kugonga mlango wa mbele tu. Hakuna jaribio linalogusa orodha, jumla, utafutaji, faili za kupakua, wala kazi zinazofanyika nyuma ya pazia. Na hakuna hata moja ambalo lingeweza kuona jina la mtu mwingine juu ya ripoti ambayo kwa mengine yote ni sahihi.

Siku ya 2

Nimeanza na data ya kupandia, kwa sababu naona jaribio la aina hii linaamuliwa na data kuliko msimbo.

Kila sehemu ya maandishi ya mpangaji A nimeitia alama `ZQKAA7`, na ya B `ZQKBB7`: jina la kampuni, anwani, maelezo ya ankara, jina la faili lililopakiwa, hata maoni yaliyoandikwa pembeni. Ni herufi ambazo haziwezi kutokea kwa bahati. Nikiziona `ZQKBB7` popote ndani ya jibu alilopewa A, sina haja ya kuelewa ukurasa huo unafanya nini ili nijue kuna uvujaji.

Ila maandishi hayatoshi. Jumla ya mwezi haina maandishi, na ndiko data ya mwingine inakoweza kujichanganya bila kuacha jina. Kwa hiyo A nimempa ankara 7 za kiasi cha 1 kila moja, na B ankara 5 za 1,000,000 kila moja. Jumla ya A lazima iwe 7. Ikija 1,000,007, najua ankara moja ya B imeingia. Ikija 5,000,007, najua kichujio hakipo kabisa. Ikija 5,000,000, A anatazama ukurasa wa B mzima mzima. Namba yenyewe inanieleza aina ya ugonjwa kabla sijafungua msimbo.

Jambo la tatu ndilo nililolifikiria muda mrefu zaidi. Mazoea ya watu ni kumpa kila mpangaji wa majaribio vitu tofauti kabisa: A ana ankara namba 001 mpaka 007, B anaanzia 500. Ukifanya hivyo unazificha kasoro zilezile unazozitafuta, kwa sababu nyingi hutokea pale ambapo vitu viwili vya wapangaji wawili vina utambulisho unaofanana. Hivyo nimefanya kinyume: wote wana ankara namba `2024-001`, wote wana mteja namba `C-01`, wote wana mtumiaji mwenye barua pepe ileile. Utambulisho ufanane kadiri mfumo unavyoruhusu, yaliyomo yatofautiane kabisa.

Siku ya 3

Kitambazaji kimekamilika: programu inayopita kila njia, yaani kila anwani ya mfumo inayojibu maombi, ikitafuta uvujaji. Hakitumii orodha ya njia niliyoiandika kwa mkono, maana orodha ya mkono huzeeka siku mtu anapoongeza njia mpya bila kukumbuka kuisasisha. Kinasoma jedwali la njia kutoka kwenye programu yenyewe inapowaka, kikapata njia 63, kikaingia kama A, kikapita moja baada ya nyingine kikitafuta `ZQKBB7` kwenye mwili wa jibu, kwenye vichwa vya HTTP na kwenye jina la faili.

Faili za PDF na za lahajedwali zimenila nusu siku. Maandishi ndani ya PDF kwa kawaida yamebanwa, na faili ya `.xlsx` ni kifurushi cha `zip`. Ukitafuta alama moja kwa moja kwenye baiti zake hutaiona hata ikiwemo. Inabidi ufungue kwanza, utoe maandishi, ndipo utafute.

Jioni nimeendesha yote. Kijani tupu.

Nilimwonyesha mwenzangu wa upande wa seva kwa furaha. Akatazama, akanyamaza kidogo, akauliza: "Kaka, hili jaribio lako limewahi kuanguka?"

Halijawahi.

Siku ya 4

Nimefuta kwa makusudi `WHERE mpangaji_id = ...` kwenye njia ya orodha ya ankara. Kasoro kubwa kuliko hiyo sijui. Nikaendesha kitambazaji. Kijani.

Nilidhani kuna kache. Nikazima, nikawasha, nikarudia. Kijani. Mwishowe nikafungua hifadhidata yenyewe nikahesabu ankara za B: sifuri.

Kumbe chanzo ni barua pepe. Jedwali la watumiaji lina kizuizi cha `UNIQUE` kwenye barua pepe kwa mfumo mzima, si kwa kila mpangaji. Mtumiaji wa B aligongana na wa A. Msaidizi wetu wa kupanda data alikuwa na `ON CONFLICT DO NOTHING`, akameza mgongano kimya kimya. Ankara za B nazo zilikuwa zinapandwa kwa kusoma watumiaji wa B kwanza, na kwa kuwa hakukuwa na mtumiaji, hakukuwa na ankara. Hakuna kosa lililoripotiwa popote. Siku nzima ya jana nilikuwa namsaka mtu ambaye hajahamia kwenye jengo.

Mabadiliko ni haya. Kabla ya kuuliza kama A, kitambazaji sasa kinaingia kama B kwenye njia ileile na lazima kione `ZQKBB7` au moja ya namba zake. Kisipoona, njia hiyo haipewi kijani wala nyekundu, inaandikwa "batili": hatujajua lolote kuihusu. Nilipoendesha, njia 22 kati ya 63 zikawa batili. Zaidi ya theluthi ya kijani changu cha jana ilikuwa hewa. Nyingine zilihitaji vigezo ambavyo kitambazaji hakuvitoa, nyingine zilirudisha orodha tupu kwa sababu sikupanda data ya aina hiyo, na mbili zilikuwa zinarudisha ukurasa wa kuingia wenye hali ya 200, ambao bila shaka hauna alama ya mtu yeyote.

Barua pepe nimezitofautisha kwa sasa, ila nimefungua suala pembeni. Kizuizi kile ni uvujaji mdogo chenyewe. A akimsajili mfanyakazi na mfumo ukamjibu "barua pepe hii imeshatumika" wakati kwake haipo, amejifunza kwamba mtu huyo ni mteja au mfanyakazi wa mpangaji mwingine. Kuhamia `UNIQUE (mpangaji_id, barua_pepe)` ni rahisi kwa jedwali, lakini ukurasa wa kuingia utalazimika kujua mpangaji kabla ya kujua mtu. Huo si uamuzi wangu peke yangu.

Siku ya 5

Nimeshughulika na njia batili. Zimebaki 4. Hakuna la kusimulia.

Siku ya 6

Tumekubaliana kuweka ulinzi wa pili ndani ya hifadhidata, ili msanidi akisahau `WHERE`, hifadhidata isisahau. PostgreSQL ina ulinzi wa kiwango cha mstari tangu toleo la 9.5, nao unakuja hivi:

```sql
ALTER TABLE ankara ENABLE ROW LEVEL SECURITY;
ALTER TABLE ankara FORCE ROW LEVEL SECURITY;
CREATE POLICY kwa_mpangaji ON ankara
  USING (mpangaji_id =
    NULLIF(current_setting('app.mpangaji', true), '')::bigint);
```

Kila ombi linatangaza `app.mpangaji`, na sera inaruhusu mistari yake tu. Kwa kuwa sikuandika `WITH CHECK`, sharti hilohilo linatumika pia kwa mistari inayoandikwa. `app.mpangaji` ikikosa kutangazwa, `current_setting` yenye `true` inarudisha `NULL`, ulinganisho hauwi kweli kwa mstari wowote, na mtu anaona jedwali tupu. Kukosa kuona chochote ni kosa ninaloweza kuishi nalo. `NULLIF` ipo kwa sababu muunganisho uliowahi kutumia thamani hiyo ndani ya muamala, muamala ukiisha, hurudisha maandishi matupu badala ya `NULL`, na maandishi matupu hayageuki kuwa `bigint`. Unapata kosa ambalo halitokei kwenye muunganisho mpya, na unaweza kukuna kichwa mpaka usiku.

Kulijaribu nimerudia hujuma ya siku ya 4: nimefuta `WHERE`, nikategemea sera. Bila mstari wa `FORCE`, A alipata jumla ya 5,000,007, kana kwamba sijafanya kitu. Programu yetu inaunganika kwa kutumia mtumiaji yuleyule aliyeyatengeneza majedwali, na mwenye jedwali hapitiwi na sera mpaka uweke `FORCE`. Mtumiaji mkuu wa hifadhidata na yeyote mwenye `BYPASSRLS` hawapitiwi hata ukiweka. Kwa hiyo nimetengeneza mtumiaji wa kawaida asiyemiliki chochote, programu inaunganika kwa jina lake, na majaribio pia. Hili la majaribio ni rahisi kulisahau: ukiyaendesha kama mtumiaji mkuu, unapima mfumo ambao wateja hawautumii.

Sasa kuna jaribio dogo linaloiuliza hifadhidata yenyewe. Lazima lirudishe mistari sifuri:

```sql
SELECT c.relname FROM pg_class c
JOIN pg_attribute a ON a.attrelid = c.oid
WHERE a.attname = 'mpangaji_id' AND c.relkind IN ('r','p')
  AND NOT (c.relrowsecurity AND c.relforcerowsecurity);
```

Limetaja majedwali mawili niliyoyasahau. Na mtu akiongeza jedwali jipya mwezi ujao bila sera, jengo la usiku, yaani mkusanyo wa msimbo na majaribio unaojiendesha kila usiku, litamtaja.

Siku ya 7

Njia moja imekataa kuwa kijani: muhtasari wa mwezi, 5,000,007. Majedwali yote yana sera, mtumiaji ni wa kawaida, `app.mpangaji` imetangazwa.

Muhtasari haukusoma jedwali, ulisoma mwonekano, yaani `VIEW`. Mwonekano husoma majedwali yaliyo chini yake kwa haki za aliyeutengeneza, si za anayeuuliza. Wetu ulitengenezwa zamani na mtumiaji mkuu. Kwa hiyo A aliuliza kwa adabu zote, mwonekano ukaenda kumchukulia data kwa funguo za mwenye jengo. Tangu PostgreSQL 15 kuna dawa ya mstari mmoja:

```sql
ALTER VIEW muhtasari_wa_mwezi SET (security_invoker = true);
```

Baada ya hapo mtumiaji wa programu anahitaji ruhusa ya kusoma majedwali ya chini, akipewa jumla inakuwa 7. Mwonekano uliohifadhiwa, `MATERIALIZED VIEW`, hauna dawa hiyo, kwa sababu ni nakala iliyokwisha kukusanywa na sera haziwekwi juu yake. Tulikuwa na mmoja. Nimeugeuza kuwa jedwali la kawaida lenye sera, linalojazwa usiku.

Siku ya 9

Hili ni kosa langu mwenyewe, nalo nalieleza kwa urefu.

Baada ya sera kufanya kazi nilijiamini, nikaanza kuondoa `WHERE mpangaji_id` kwenye msimbo kwa hoja kwamba hifadhidata inajua. Mojawapo niliyoiondoa ni kwenye kipokezi cha taarifa za malipo. Seva ya malipo inapiga njia hiyo kutuambia "ankara `2024-001` ya mpangaji fulani imelipwa". Hapo hakuna mtu aliyeingia kwa nywila, kwa hiyo hatua ya kawaida inayotangaza `app.mpangaji` haimpitii.

Kwa hesabu zangu, kipokezi kingepata jedwali tupu na kupiga kelele. Kwenye kompyuta yangu ndivyo ilivyokuwa. Mwenzangu akasema: "Jaribu ukiwa na muunganisho mmoja tu."

Miunganisho ya hifadhidata haifunguliwi upya kwa kila ombi. Inakaa kwenye akiba, ombi linaazima mmoja, likimaliza linaurudisha. Nami nilikuwa natangaza mpangaji kwa `SET app.mpangaji = ...`, ambayo inadumu maisha yote ya muunganisho. Ombi la B likirudisha muunganisho, jina la B linabaki limeandikwa juu yake kama jasho kwenye kola ya shati la kuazima. Atakayeuazima baadaye bila kutangaza jina lake anavaa la B.

Kwenye akiba ya miunganisho 20 na majaribio yanayokwenda taratibu, kukutana huko ni bahati nasibu. Kwenye akiba ya muunganisho 1 hakuna bahati, ni lazima. Nikaweka 1, nikatuma ombi la kawaida kama B, kisha taarifa ya malipo ya A kwa `2024-001`. Jibu likawa 200, safi, halina alama ya mtu yeyote. Kitambazaji kikasema kijani.

Ila nilipoingia kama B, ankara yake `2024-001` ya 1,000,000 ilikuwa imeandikwa "imelipwa". Malipo ya A ya kiasi cha 1 yamefuta deni la B. Utambulisho unaofanana wa siku ya 2 ndio uliolileta hili juani. B angekuwa anaanzia namba 500, kipokezi kisingepata kitu na ningelala usingizi mzuri.

Nimebadilisha mambo matatu. Kutangaza kunafanyika ndani ya muamala kwa `set_config('app.mpangaji', $1, true)`, ambapo `true` ya mwisho inamaanisha thamani inakufa muamala ukiisha. Ni sawa na `SET LOCAL`, ila `SET LOCAL` haipokei kigezo, na ukiiandika nje ya muamala PostgreSQL inatoa onyo tu na haifanyi kitu. La pili, kipokezi kinachukua mpangaji kutoka kwenye taarifa iliyothibitishwa kwa sahihi yake, kisha kinamtangaza. La tatu, `WHERE` zote nilizoziondoa nimezirudisha. Sera ni mkanda wa pili, haikuja kuufungua wa kwanza.

Na majaribio yenyewe yamebadilika: yanaendeshwa kwa akiba ya muunganisho 1, mpangilio ni B kisha A kwa kila njia, na kila tendo la A la kuandika linafuatiwa na kuingia kama B na kulinganisha hali yake nzima na ile ya kabla. Kunusa majibu ya A peke yake kunakuonyesha nusu ya uvujaji, ile ya kusoma.

Haya yote yalikuwa kwenye tawi langu, hayakumfikia mteja. Nimeyaandika hata hivyo.

Siku ya 11

Kache. Nilitarajia kazi kubwa, imekuwa fupi, kwa sababu mpangilio wa B kisha A umeshakuwa mtego wake. B anapoingia kwanza ili kuthibitisha njia si batili, kache inajazwa data yake. A anapofuata kwa utambulisho uleule, kama ufunguo haumtaji mpangaji, anapewa sahani ya B.

Imenasa moja, kwenye toleo lililokuwa likisubiri kutoka wiki hii: ufunguo `mteja:C-01`. Sasa ni `m:2:mteja:C-01`, na si kwa nidhamu ya msanidi: kazi pekee inayoruhusiwa kugusa kache inadai mpangaji kama kigezo cha kwanza, isipompata inakataa.

Kurasa nzima zinazohifadhiwa mbele ya seva ni hatari kuliko hizi, maana hapo ombi halifiki hata kwenye msimbo wetu. Tarehe 25 Desemba 2015 duka la Steam lilionyesha watu kurasa za akaunti za watu wengine kwa sababu ya mipangilio ya kache iliyobadilishwa wakati likishambuliwa kwa mafuriko ya maombi. Valve, kampuni yenye duka hilo, ilisema walioguswa walikuwa takribani 34,000. Kitambazaji sasa kinakataa jibu lolote la mtu aliyeingia lisilokuwa na `Cache-Control: private` au `no-store`. Hilo ni la kuangalia kichwa tu, halihitaji ujanja.

Siku ya 13

Nimepata uvujaji uliotuleta hapa.

Nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba si sera, si mwonekano, si kache. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kutoa hesabu za A chini ya jina la B na kujirekebisha ukifungua upya. Karatasi ya ukutani ilikuwa inaniambia hivyo tangu siku ya kwanza: data mbili zilisomwa sawasawa, kila moja kwa mwenyewe, zikachanganywa baadaye. Nikafungua msimbo wa ripoti, nao ukiuvua mapambo ni huu:

```js
let kampuni;
async function ripoti(ombi) {
  kampuni = await tafutaKampuni(ombi.mpangaji);
  const ankara = await tafutaAnkara(ombi.mpangaji);
  return andika(kampuni.jina, ankara);
}
```

Tazama `let kampuni` ilivyo nje ya kazi. Ni moja kwa programu nzima. A anaomba ripoti, `kampuni` inakuwa A, kisha msimbo unasubiri ankara zake. Wakati huo seva haikai bure, inapokea ombi la B. `kampuni` inakuwa B. Ankara za A zinafika, msimbo wa A unaamka na kuandika `kampuni.jina`, ambalo sasa ni la B, juu ya ankara za A. Akifungua upya bila mtu wa kumwingilia, kila kitu ni sawa. Aliyeiandika alikusudia kuepuka kulisoma jina mara mbili kwenye kazi nyingine iliyokwisha kuondolewa. Mstari ukabaki.

Majaribio yangu yote ya siku kumi na mbili yanaenda moja baada ya jingine. Yangeweza kuendeshwa mwaka mzima yasilione hili.

Kulishika kwa hakika nimeweka lango. Kwenye jaribio, `tafutaAnkara` ya A inasimama mpaka ipewe ishara. Naanzisha ripoti ya A, nasubiri ifike langoni, naendesha ripoti ya B mpaka mwisho, kisha namfungulia A. Kila mara, bila kukosa, A anapata `ZQKBB7` kwenye kichwa na jumla ya 7 chini. Hesabu zake, jina la mwingine. Dada wa huduma kwa wateja nilimwita aje aone.

Lango linataka ujue pa kuliweka, na mimi nilijua kwa sababu nilikuwa na sentensi ya mteja. Kwa yale nisiyoyajua kuna njia legevu zaidi: kitambazaji kinatuma maombi ya A na B yaliyopishana, 50 kwa wakati mmoja, na kila jibu la hifadhidata linacheleweshwa kwa makusudi kati ya milisekunde 0 na 20. Bila ucheleweshaji, kasoro ya ripoti ilionekana mara 3 kwenye maombi 2,000, na raundi nyingine haikuonekana kabisa. Kwa ucheleweshaji ilionekana kila raundi. Hifadhidata ya kwenye kompyuta ya msanidi inajibu haraka mno, hairuhusu mtu kuingilia, na ndiyo maana kasoro hizi huzaliwa kwetu na kukomaa kwa mteja.

Marekebisho ni `const kampuni` ndani ya kazi. Herufi chache. Kikaguzi cha msimbo sasa kinakataa `let` ya juu kabisa ya faili kwenye folda zote zinazopokea maombi. Kimetaja faili tano, nne hazina madhara, ya tano tunaichunguza.

Siku ya 15

Hujuma za makusudi zimekuwa sehemu ya jengo la usiku. Ziko sita: kufuta `WHERE` pamoja na kuzima sera ya jedwali husika, kuondoa `FORCE` na kuunganika kama mwenye jedwali, kurudisha mwonekano kwenye haki za mtumiaji mkuu, kubadilisha `true` ya `set_config` kuwa `false` na kumnyima kipokezi tangazo lake pamoja na `WHERE` yake, kutoa mpangaji kwenye ufunguo wa kache, na kurudisha ile `let`. Kila moja inawekwa peke yake na majaribio lazima yawe mekundu. Yakibaki kijani, jengo linaanguka.

Ya kwanza niliiandika vibaya mwanzoni: nilifuta `WHERE` peke yake, sera ikaokoa, majaribio yakabaki kijani, jengo likaanguka. Lilikuwa sahihi kuanguka, hujuma ndiyo haikuwa hujuma.

Yasiyoguswa bado: faharasa ya utafutaji, ambayo iko nje ya PostgreSQL na sera haziijui, na barua pepe zinazotumwa usiku, ambazo kitambazaji hakizioni. Njia 4 batili zimebaki palepale.

Siku ya 16

Swali la dada wa huduma kwa wateja: "Huyo mmoja alipiga simu. Waliokaa kimya je?"

Kumbukumbu za seva tunazitunza siku 30, na kila ombi lina saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mpangaji. Ili jina la B liingie kwenye ripoti ya A, lazima B naye awe aliomba ripoti, kwenye mchakato uleule wa seva, na muda wake ugusane na wa A. Nimetafuta jozi za namna hiyo zenye wapangaji tofauti. Zimetoka 9, ikiwemo ya mteja wetu. Kugusana hakumaanishi jina liliingia kweli, maana inategemea nani alikuwa kwenye mstari gani wa msimbo, na kumbukumbu haziendi ndani kiasi hicho. Kwa hiyo 9 ni kikomo cha juu kwa siku hizo 30. Kabla ya hapo kumbukumbu zimefutwa, wakati mstari wa `let` umekuwepo miezi kumi na minne.

Kinachoweza kuwa kilionekana ni jina la kampuni tu. `kampuni` ilikuwa na sehemu nyingine, lakini ripoti inachapisha `jina` peke yake. Nimeliangalia hilo mara mbili kwenye historia ya faili.

Barua zinaandikwa kesho. Kwa kila jozi tunawaandikia wote wawili: aliyeweza kuliona jina na mwenye jina. Mwenzangu alipendekeza tumwandikie wa kwanza tu. Nimekataa, na mkuu wa timu amekubaliana nami.